Shilingi 370 kwa Kila Mkazi: Hoja ya Fedha za Afya ya Akili Simiyu

Chukua zahanati moja ya kijiji wilayani Itilima inayohudumia watu 8,000. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu watu 3 katika kila 1,000 wana kifafa kinachoendelea. Kwa kiwango hicho, zahanati yetu ingepaswa kuwa na wagonjwa wa kifafa wapatao 24. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 katika kila 300 ana skizofrenia, kwa hiyo hapo kijijini tungetarajia 27 hivi. Sonona, kwa makadirio ya shirika hilohilo kwa Tanzania, humpata takriban mtu 1 katika kila 25, nao ni watu 320.

Tuseme sasa kwamba daftari la wagonjwa wa nje linaonyesha wagonjwa 3 wa kifafa, mmoja wa saikosisi na hakuna hata mmoja wa sonona. Mganga mfawidhi akikaa kuandaa maoteo ya dawa ya kupeleka Bohari ya Dawa, ataangalia alichotumia miezi iliyopita na kuagiza fenobabitali ya watu watatu. Atakapokuja mgonjwa wa nne, dawa itaisha kabla ya shehena nyingine kufika. Huyo wa nne ataambiwa aende hospitali ya wilaya, naye atahesabu nauli na kurudi nyumbani. Mwaka utakapokwisha, daftari litaonyesha tena wagonjwa watatu, na halmashauri itakapopanga bajeti itaona kwamba kifafa ni tatizo dogo.

Huo mzunguko ndio kiini cha hoja hii kwa Wizara ya Afya. Fedha za afya ya akili hupangwa kwa kufuata idadi ya waliofika kituoni, na waliofika ni wachache kwa sababu hakuna cha kuwafuata huko. Hakuna atakayeuvunja mzunguko huo kwa kuhimiza jamii ijitokeze. Unavunjwa na mtu wa kwanza atakayekubali kununua dawa ya wagonjwa 24 kituo kikiwa na 3.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake yakiwa Bariadi, ulihesabiwa kuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya mwaka 2022. Una halmashauri sita: Mji wa Bariadi, Wilaya ya Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni mkoa wa pamba na mifugo, kaya zake ni kubwa, na mvua ikikosekana mwaka mmoja athari yake huingia moja kwa moja jikoni. Tukiuhesabu mkoa mzima kama tulivyohesabu zahanati, tunapata watu 6,400 hivi wenye kifafa, 7,100 hivi wenye skizofrenia na zaidi ya 85,000 wenye sonona.

Takwimu hizi lazima zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu mtu wa hazina atakayetaka kuzikataa atapata pa kushika. Kwa kifafa, Hai ni kiwango cha chini. Wilayani Ulanga, Morogoro, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta zaidi kidogo ya watu 10 katika kila 1,000, mara tatu ya Hai. Tofauti hiyo haishangazi, maana kifafa cha vijijini kina vyanzo ambavyo havijasambaa sawasawa: malaria iliyopanda kichwani, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, minyoo ya nguruwe, ajali za kichwa. Kwa upande wa sonona na wasiwasi, utafiti wa majumbani uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta matatizo hayo kwa watu wazima 3 hivi katika kila 100. Mwingine wa mwaka 2003, wa jiji hilohilo, uliwapima watu waliokuwa tayari wamekwenda kutafuta tiba. Ulikuta asilimia 24 miongoni mwa waliokwenda vituo vya afya, na asilimia 48 miongoni mwa waliokwenda kwa waganga wa tiba asili.

Tafiti hizo mbili hazipingani. Ya kwanza inatueleza wagonjwa ni wangapi katika jamii, na ya pili inatueleza wako wapi. Robo ya watu waliokaa kwenye benchi la kituo wakisubiri kupimwa malaria au kulalamikia tumbo na mgongo walikuwa na ugonjwa wa akili ambao hawakuutaja na hawakuulizwa. Kwa mganga wa jadi walikuwa karibu nusu. Kwa mkoa kama Simiyu, ambako mganga wa jadi ni mtu anayejulikana kijijini na mara nyingi ndiye wa kwanza kuonwa, takwimu hiyo ya pili ina uzito wake. Serikali isiyopanga jambo lolote pamoja na waganga hao inawaacha nje ya mpango nusu ya watu wanaoingia mlangoni mwao.

Nikiulizwa tuanze wapi kwa fedha kidogo, nitasema kifafa. Wapo watakaoshangaa, kwa sababu kifafa ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, si wa akili. Lakini Tanzania wagonjwa wake hutibiwa katika kliniki za afya ya akili, na muuguzi anayempa mgonjwa wa skizofrenia sindano yake ya mwezi ndiye huyohuyo anayempa mgonjwa wa kifafa vidonge. Zaidi ya hapo, kifafa kina dawa ya bei nafuu na matokeo yanayoonekana kwa macho: mtoto aliyekuwa akianguka mara tatu kwa wiki anakaa mwezi bila kuanguka, na kijiji kizima kinaona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa vizuri, na kwamba gharama ya matibabu inaweza kushuka hadi dola 5 za Marekani kwa mtu kwa mwaka.

Ushahidi bora wa jambo hili haujatoka ng'ambo. Mwaka 1959 daktari Louise Jilek-Aall alifika Mahenge, Ulanga, na kukuta watu wenye kifafa wametengwa, wengine wana makovu makubwa ya moto kwa kuangukia mafigani. Alianzisha kliniki, dawa yake kuu ikiwa fenobabitali. Miaka mingi baadaye yeye na daktari Henry Rwiza walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile. Katika miaka ambayo dawa ilikuwa inapatikana, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikoma kabisa kuanguka, na wengine wengi walipata nafuu kubwa. Baadaye ugavi ulipokatika, hali iligeuka. Ufuatiliaji wa miaka 30 ulionyesha kwamba thuluthi mbili ya wagonjwa wale walikuwa wamefariki, na miongoni mwa wale ambao sababu ya kifo ilijulikana, zaidi ya nusu waliuawa na kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuzama majini, kuungua.

Somo la Mahenge lina ukali wake. Fenobabitali haiachwi ghafla. Ubongo uliozoea dawa hiyo ukiikosa kwa siku chache unaweza kuingia katika degedege mfululizo linaloua. Ndiyo maana mradi wa miaka miwili unaoandikisha wagonjwa 500 na kisha kufunga ofisi unaweza kuwadhuru watu wale wale uliokuja kuwasaidia. Katika malaria, zahanati ikiishiwa dawa mwezi mmoja na kuipata mwezi unaofuata, wagonjwa wapya wataendelea kupona. Katika kifafa, mwezi huo mmoja ndio hatari yenyewe. Kwa saikosisi ni hivyohivyo, ingawa kwa mwendo wa polepole: mgonjwa aliyekosa sindano miezi miwili huanza kukesha, kisha kuzurura, na familia iliyokuwa imeanza kumwamini hurudi kwenye kamba.

Nchi yetu imewahi kulipitia hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika miaka ya 1980, Serikali ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark ilijaribu mpango wa kitaifa wa kuishusha huduma ya afya ya akili hadi vituo vya afya na zahanati, Morogoro na Kilimanjaro zikiwa mikoa ya mfano. Wazo lilikuwa sahihi na lingali sahihi. Kilichokosekana ni fungu la ndani la kuuendesha mpango pale fedha za wafadhili zilipopungua. Kwa hiyo ombi la Simiyu halipaswi kuwa la mradi. Linapaswa kuwa la kifungu kidogo katika bajeti ya Serikali, kinachorudi kila mwaka bila kukatika.

Ni kidogo kiasi gani? Hapa naweka hesabu yangu hadharani ili kila anayeona imekosea airekebishe. Nachukua dola moja kwa shilingi 2,500, na lengo la kufikia nusu ya wenye kifafa na nusu ya wenye skizofrenia, pamoja na mtu 1 kati ya kila 10 wenye sonona.

Kifafa: watu 3,200 kwa shilingi 12,500 kila mmoja, yaani dola 5, ni shilingi milioni 40 kwa mwaka. Skizofrenia: watu 3,500, nikikadiria shilingi 50,000 za klopromazini, haloperidoli au sindano ya flufenazini kwa kila mmoja, ni milioni 175. Sonona: katika watu 8,500 watakaofikiwa, nikichukua kwamba thuluthi moja tu watahitaji vidonge, tuseme fluoksetini ya shilingi 20,000, ni milioni 57. Dawa zote kwa mkoa mzima ni milioni 272.

Kisha watu. Kila halmashauri iwe na wauguzi wawili wa afya ya akili ambao hawahamishiwi wodi nyingine. Kumi na wawili hao, kwa mshahara wa kukadiria wa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, ni milioni 173. Kwa vituo 200, kwa hesabu ya mviringo, vikitembelewa mara moja kila miezi mitatu kwa shilingi 60,000 za mafuta na posho, ni milioni 48. Mafunzo ya siku tano kwa watumishi wawili wa kila kituo, kwa shilingi 100,000 kwa siku, ni milioni 200 katika mwaka wa kwanza. Nikiongeza asilimia 15 ya dharura, usafirishaji na dawa zitakazoharibika, nafika shilingi milioni 797. Ukigawa kwa wakazi wa Simiyu ni shilingi 372 kwa mtu. Mwaka wa pili, mafunzo yakibaki ya siku moja ya kujikumbusha, gharama inashuka chini ya shilingi 300.

Mwenye shaka atasema kwamba makadirio ya kifafa huenda ni madogo mno. Basi tuchukue kiwango cha Ulanga badala ya Hai. Wagonjwa wanaongezeka mara tatu na zaidi, lakini gharama yote inapanda hadi shilingi 423 tu kwa mkazi, kwa sababu dawa ya kifafa ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Kwa hiyo kusubiri takwimu kamili za mkoa kabla ya kutenga fedha hakuna mantiki ya kihasibu. Kosa kubwa kabisa tunaloweza kufanya katika kukadiria kifafa lina thamani ya shilingi 50 kwa mtu.

Hesabu hii ina mpaka wake. Sikuweka muda wa watumishi waliopo tayari zahanati, wala majengo, wala vitanda vya kulaza. Utafiti wa nchi tano ulioangalia gharama za huduma hizi katika ngazi ya wilaya, ikiwemo Kamuli nchini Uganda na Sodo nchini Ethiopia, ulipata gharama iliyo chini ya dola moja kwa mkazi kwa mwaka katika maeneo manne kati ya matano. Afrika Kusini pekee ilizidi. Shilingi 372 ni kama senti 15 za dola. Hata tukiikuza mara tatu ili kubeba nilivyoviacha, bado tumo ndani ya kiwango hicho.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi katika orodha ile ni usimamizi, zile milioni 48. Ni sehemu ndogo, ndiyo hukatwa kwanza, na bila hiyo milioni 200 za mafunzo hupotea. Mtumishi aliyesoma siku tano hukutana na mgonjwa wake wa kwanza wa saikosisi baada ya wiki tatu, akaogopa kumpa dozi, akampa rufaa. Akitembelewa na muuguzi mzoefu, wakamwona mgonjwa pamoja, mara ya pili atamtibu mwenyewe. Asipotembelewa, ataendelea kutoa rufaa hadi asahau alichofundishwa. Mkaguzi anaweza kuligundua hilo bila kuuliza maswali mengi. Aangalie siku ambazo fenobabitali haikuwepo stoo katika miezi mitatu iliyopita, kisha ahesabu ni wagonjwa wangapi walioandikishwa mwaka jana ambao wamerudi kuchukua dawa mwezi huu. Idadi ya watumishi waliofunzwa haimwelezi chochote.

Kwa upande wa pili wa hesabu kuna gharama inayolipwa sasa, isipokuwa hailipwi na wizara. Familia ya Meatu yenye kijana aliyechanganyikiwa kwanza humpeleka kwa mganga, na malipo huko mara nyingi ni mfugo. Wakishindwa, huja Bariadi, na hali ikiwa nzito huelekezwa Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi, au Mirembe, Dodoma. Mgonjwa hasafiri peke yake. Husindikizwa na mtu mmoja au wawili wenye nguvu, na mara nyingi ni msimu wa kulima. Kisera, magonjwa ya akili yamo katika magonjwa sugu yanayosamehewa ada, lakini msamaha wa ada haulipi nauli, haurudishi ng'ombe, na hauna maana pale kituo kinapokuwa na msamaha bila dawa.

Sonona inahitaji njia nyingine, kwa sababu hatutaweza kuweka daktari wa akili mbele ya watu 85,000. Zimbabwe walilijibu swali hili mjini Harare kwa kuwafundisha wahudumu wa jamii, wengi wao bibi, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki kwa vikao sita na kumsaidia kulipangilia tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lao katika kliniki 24, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha nafuu kubwa kwa waliokaa kwenye benchi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Karibu zaidi nasi, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa wiki 16 iliwapunguza waliokuwa na sonona kutoka asilimia 86 hadi 6.5, huku katika vijiji vya kulinganishia wakibaki asilimia 55 hivi.

Tanzania imeshalipia nusu ya jambo hili bila kujua. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Kuwaongezea stadi ya kumtambua mama aliyejifungua na asiyelala wala kula, na kukaa naye vikao sita, ni gharama ya mafunzo na usimamizi tu. Tafiti za nchi maskini na za kipato cha kati zinaonyesha kwamba mama 1 kati ya 5 hupatwa na matatizo hayo baada ya kujifungua, na mkoa wenye uzazi mwingi kama Simiyu una sababu ya kuanzia hapo.

Swali la mwisho ni fedha zinakaa mfuko gani, na nadhani hapo ndipo hoja nyingi nzuri hufia. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya TAMISEMI, na hupanga matumizi kupitia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ndani ya mpango huo afya ya akili huwekwa pamoja na magonjwa yasiyoambukiza, ikikaa meza moja na shinikizo la damu na kisukari, ambavyo vina wateja wengi zaidi kwenye daftari. Kwa hiyo Wizara inaweza kuongeza fedha kwa moyo mweupe na zisifike Itilima, kwa sababu mkononi mwake kuna hospitali moja tu kati ya vituo tunavyovizungumzia. Kinachotakiwa ni maelekezo ya pamoja ya Wizara na TAMISEMI yanayotenganisha kifungu cha afya ya akili na kuweka kiwango cha chini kwa kila mkazi, fedha zikienda moja kwa moja kituoni kama zinavyokwenda nyingine tangu utaratibu huo ulipoanza mwaka 2017/18.

Duniani, Serikali nyingi hutumia takriban asilimia 2 ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na nchi maskini zaidi hutumia kama senti 4 za dola kwa mtu. Tume ya jarida la Lancet ilipendekeza mwaka 2018 kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zifikie angalau asilimia 5. Sidhani kwamba Tanzania itafika huko kwa mwaka mmoja, wala siombi hivyo. Wala tusiiachie kazi hii Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, maana bima hulipia huduma iliyopo, na kadi haiwezi kununua fenobabitali ambayo zahanati haikuiagiza.

Ninachoomba ni vitu vitatu kwa mkoa mmoja. Wizara iagize kwamba maoteo ya dawa za kifafa na saikosisi Simiyu yafanywe kwa idadi ya watu, kwa kuanzia nusu ya viwango vya 3 kwa kila 1,000 na 1 kwa kila 300, badala ya matumizi ya mwaka uliopita. Itenge shilingi milioni 800 za mwaka wa kwanza, na iandike kwa maneno yasiyo na utata kwamba fedha hizo zitaendelea kwa miaka mitano. Nayo TAMISEMI izuie wauguzi 12 wa afya ya akili wasipangiwe kazi nyingine. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Maoteo ya zahanati za Simiyu yarekebishwe kabla ya siku hiyo.